Kwa nini grafu ya g ina kona usoni mwa sayari?

"Wakuu, nilidhani ukikaribia kitovu cha sayari, g, yaani nguvu ya mvutano kwa kila kilo, inazidi kupanda. Mbona grafu ya g na umbali kutoka kitovuni inakunja kona usoni?"

Ulivyodhani ni sawa kwa nje tu, ambako g hupungua kwa mraba wa umbali. Ukishaingia ndani, tabaka lililobaki juu yako halikuvuti tena, kwa kuwa mivuto yake ya pande zote inafutana. Kinachokuvuta ni tufe lililo chini ya miguu yako. Chukua sayari sare, yenye msongamano uleule kote, ukubwa na uzito wa Dunia, ushuke nusu ya njia: tufe hilo lina 1/8 tu ya masi yote, ila umbali umepungua nusu, kwa hiyo kila kilo inakuvuta mara 4 zaidi. 4/8 ni nusu, basi g ni 4.9 m/s², si 9.8 ya usoni. Ndiyo maana ndani mstari umenyooka kutoka sifuri.

"Mimi nafanya kazi mgodini, kilomita moja chini. Sijawahi kuhisi wepesi!"

Usingehisi, kaka, kilomita moja ni kidogo mno. Tena Dunia yenyewe si sare. Kiini chake ni kizito mno, hivyo g hufika kama 10.7 mpakani mwa kiini, kilomita 2,900 chini, ndipo inashuka.