Wasifu mzuri karatasini, kwenye maiki hausikiki: majibu ya maswali yenu

Shikamoo mwalimu. Baba mdogo amefariki, tunazika kesho hapa Masasi, wasifu nimeandika kurasa tatu na nimeusoma naona uko vizuri. Ibadani utachukua dakika ngapi?

Marahaba, na poleni sana na msiba. Kurasa tatu zilizochapwa ni kama maneno 1200, na mtu anayesoma kwa utulivu mbele za watu anakwenda maneno 100 hivi kwa dakika, maana maneno yetu ya Kiswahili ni marefu, kwahiyo hapo una dakika 12. Hakuna mfiwa anayesikiliza dakika 12 za wasifu. Dakika ya tano watu wameshaanza kunong'onezana. Punguza ubaki na maneno 500.

Halafu unasema umeusoma ukaona uko vizuri, umeusoma kwa macho. Macho yakipotea yanarudi mstari wa juu, yanaangalia tena jina, yanaendelea. Sikio halirudi, likishapitwa limepitwa, na msikilizaji akipotea mara mbili tatu anaacha kufuatilia kabisa anabaki kusubiri neno "amina". Usiku huuhuu kaa pembeni usome kwa sauti, simu ikihesabu muda. Sentensi yoyote inayokuishia pumzi kabla hujafika nukta, ikate iwe mbili.

Mama alikuwa nesi. Nimeandika alizaliwa 1951, shule 1960 hadi 1967, chuo cha uuguzi 1968 hadi 1971, ajira 1972, ndoa 1974, alistaafu 2011. Wananiambia miaka imezidi. Sasa bila miaka huo utakuwa wasifu gani?

Wanaokwambia wako sahihi. Chukua huo 1968 peke yake uutamke: elfu moja mia tisa sitini na nane. Karatasini ni tarakimu nne, jicho linaruka. Mdomoni ni maneno saba, na yanayofuata ni yaleyale tena, elfu moja mia tisa sabini na moja, elfu moja mia tisa sabini na mbili. Msikilizaji hawezi kutoa na kujumlisha huku unaendelea kusoma, anasikia "elfu moja mia tisa" mara saba na hakuna hata mmoja unaobaki kichwani. Huo ni wasifu wa kuombea kazi, ndio maana umejaa miaka, ofisa wa ajira anataka kuona kama kuna pengo. Waombolezaji hawatafuti pengo.

Bakiza miaka miwili, wa kuzaliwa na wa kufariki. Mingine igeuze iwe umri, muda, au tukio ambalo watu wa huku wanalikumbuka. Kwa hesabu yako mwenyewe, mama aliajiriwa akiwa na miaka 21 na akastaafu akiwa na 60, yaani alifanya kazi miaka 39. Ndoa yake imeangukia 1974, wakati watu wanahamishiwa vijiji vya ujamaa. Ukisema hivyo kila mzee aliyekaa hapo ameshapata picha, hahitaji tarakimu.

Kwahiyo isomeke hivi: "Mama yetu alikuwa nesi. Alianza kazi akiwa msichana wa miaka ishirini na moja, akaiacha amefikisha sitini. Miaka thelathini na tisa wodini. Aliolewa mwaka ule wa kuhamia vijijini." Chuo na shule vipe sentensi moja ya pamoja, inatosha. Na tafadhali, hospitali alizolazwa miezi ya mwisho na majina ya dripu alizowekewa usiziweke, najua hukuuliza ila karibu kila wasifu ninaousikia una aya nzima ya ugonjwa kuliko aya ya kazi aliyoifanya mtu maisha yake yote.

Ni lazima nianze na "marehemu alizaliwa"?

Hapana. Anza na kile ambacho waliokaa hapo wanamjua nacho, kuzaliwa kuje sentensi ya tatu au ya nne.

Niliposoma wasifu wa babu watu waliniuliza baadaye "nani alihamia Lindi?" na mimi nimeandika wazi kabisa: "Alilelewa na mjomba wake ambaye alikuwa mfanyakazi wa reli ya Nachingwea, ilipofungwa alimpeleka Lindi kwa kaka yake ambaye alimsomesha." Tatizo liko wapi?

Tatizo ni hizo "a" zako. Alilelewa ni babu. Alikuwa mfanyakazi ni mjomba. Alimpeleka, mjomba tena. Alimsomesha ni mtu wa tatu. Zote nne kwenye sikio zinaanza na sauti ileile, na Kiswahili hakikusaidii hata kujua ni mwanamke au mwanaume. Msomaji wa kimyakimya anarudi nyuma anapanga nani ni nani, aliyekaa kwenye mkeka hawezi. Na hata mimi niliyesoma kwa macho sijajua "kaka yake" ni kaka wa nani, wa babu au wa mjomba. Kamuulize bibi kwanza.

Tuseme ni kaka wa babu. Andika hivi: "Babu alilelewa na mjomba. Mjomba huyo alikuwa anafanya kazi kwenye reli ya Nachingwea. Reli ilipofungwa, mjomba akampeleka babu Lindi. Lindi alikuwepo kaka mkubwa wa babu, na kaka huyo ndiye aliyemsomesha."

Karatasini mwalimu wa insha angekukata maksi, angesema unarudiarudia. Sikioni kurudia jina ndiko kunakomwambia mtu bado tunaongelea nani. Kila mtu mpya akiingia mtaje, na ukirudi kwa marehemu mtaje tena. Angalia pia "ambaye" zimeondoka zote, maana "ambaye" inamlazimisha msikilizaji ashike mwanzo wa sentensi huku anasubiri mwisho wake, na mbili kwenye sentensi moja ni nyingi mno.

Mwalimu naomba sampuli ya wasifu nijaze majina tu.

Sina na sitatuma. Kila wiki mnaomba hiki kitu, na matokeo yake marehemu wote kuanzia Kilwa mpaka Newala "walikuwa wacheshi, wapenda watu na wacha Mungu" na hakuna anayetofautishwa na mwenzake. Niandikie vitu vitatu alivyofanya yeye tu, hapo nitakusaidia.

Sisi ni wanafunzi, tulisoma historia ya Mzee Mkapa kwenye mahafali, tuliitoa mtandaoni iko sahihi kabisa ila wenzetu walikuwa wanaongea tu. Tukosoe.

Maandishi mliyonitumia yanaanza na jina kamili, mabano, tarehe 12 Novemba 1938, kistari, tarehe 24 Julai 2020, mabano yanafungwa, halafu urais wa awamu ya tatu, uwaziri wa mambo ya nje, ubalozi Nigeria, Kanada na Marekani, vyote kabla ya nukta ya kwanza. Mabano hayana sauti. Kistari hakina sauti. Aliyesoma amezitaja tarehe mbili mfululizo na ukumbi haujui ya kwanza ni ya nini, kwahiyo ndani ya nusu dakika mmewapoteza watoto wa Mtwara kwenye historia ya mtu wa Masasi. Inaniuma.

Mtandaoni wanaandika hivyo kwa sababu msomaji anatafuta kitu kimoja, anachungulia na kuondoka. Nyie mnao watu waliokaa na hawawezi kuchungulia, lazima muwape njia moja ya kufuata kutoka mwanzo mpaka mwisho. Ningeanzia Rufiji:

"Ukitoka hapa kwenda Dar es Salaam, lazima uvuke mto Rufiji. Zamani pale palikuwa na kivuko. Leo gari linapita juu, kwenye daraja lililofunguliwa mwaka elfu mbili na tatu. Daraja hilo linaitwa Daraja la Mkapa. Na Mkapa mwenyewe alizaliwa Lupaso, huku kwetu Masasi. Akasoma mpaka Makerere, Uganda, akamaliza shahada yake mwaka mmoja baada ya Tanganyika kupata uhuru. Akaingia kwenye uandishi wa habari, na kabla hajafikisha miaka thelathini akawa mhariri wa magazeti ya chama. Akawa balozi. Akawa waziri wa mambo ya nje. Siku anaapishwa kuwa Rais, alikuwa ndio kwanza ametimiza miaka hamsini na saba. Akaongoza miaka kumi. Alipofariki, Julai ya mwaka elfu mbili na ishirini, akarudishwa kuzikwa Lupaso."

Hiyo ni dakika moja na kidogo. Angalieni "aka". Maandishi yenu yalikuwa alizaliwa, alisoma, aliajiriwa, aliteuliwa, kila kitendo kinasimama peke yake kama mistari ya fomu. Bibi akisimulia hasemi hivyo, anasema akaenda, akafika, akakuta, na kila "aka" inakufanya usubiri inayofuata. Ubalozi nimeuacha bila nchi, si kwamba hauna maana, ila nchi tatu hapo zinakata safari. Zibandikeni kwenye ubao wa ukumbini, macho yatazisoma.

Onyo: mnapofupisha mnaruhusiwa kuacha, hamruhusiwi kuongeza. Msimtungie Mzee maneno aliyosema utotoni Lupaso ili inoge. Ukumbini mnaweza kukaa na mtu aliyemfahamu.

Watoto tisa, wajukuu 31, tuwataje wote?

Wajukuu idadi tu. Watoto wataje, watatu watatu na pumzi katikati, kwa kufuata kuzaliwa. Aliyetangulia mbele ya haki usimwekee mabano, mpe sentensi yake. Na orodha hiyo wazee wa ukoo waipitie kabla haijafika kwenye maiki, hasa kama kulikuwa na nyumba mbili, maana jina likirukwa mbele ya watu wote mtakuja kulisikia tena siku ya kugawa mikorosho.

Tumempa shemeji asome ana sauti nzuri lakini anakwamakwama.

Mmempa karatasi lini? Kama ni palepale msimlaumu. Mpeni usiku wa kuamkia, imechapwa kwa herufi kubwa, kila sentensi ianze mstari wake, isiwepo sentensi inayoanzia ukurasa huu na kuishia ule mwingine. Miaka iandikwe kwa maneno kama nilivyofanya hapo juu, na vifupisho vyote viandikwe kirefu. Asisomee kwenye simu, juani haionekani na inajizima katikati. Halafu amsomee mtu mmoja ambaye hakumjua marehemu vizuri, mara moja tu bila kurudia, na huyo mtu aeleze alichosikia. Palipompotea ndipo pa kuandika upya, na mkishaandika asome tena.