Mikopo iliyofungwa pamoja: hatari ilienda wapi?

"Kama hatari iligawanywa kwa watu wengi, mbona kwenye mgogoro wa fedha wa 2008 waliumia wote pamoja?"

Ndugu aliyenitangulia kasema benki ziliuza mikopo mibovu zikanawa mikono. Hapo kapatia nusu: nyingi zilibaki na vipande vya mikopo hiyo, tena vile vilivyoitwa salama.

Tuseme mikopo ya nyumba 1,000 ya Marekani inafungwa fungu moja, kisha zinatolewa hatifungani za matabaka. La chini, asilimia 5, linabeba hasara kwanza. La kati, 15, linafuata. La juu haliguswi mpaka hasara ipite 20. Sawa kabisa. Balaa lilianza vipande vya kati vya mafungu mengi vilipofungwa upya, na sehemu kubwa ikapewa AAA, daraja la juu kabisa la usalama, kwa imani kwamba bei za nyumba za Florida na California hazitaanguka kwa pamoja. Zikaanguka. Hasara ya asilimia 20 kwa kila fungu inafuta vipande vyote vya kati kwa mkupuo, AAA yake ikiwemo. Na kwa kuwa hakuna aliyejua nani kashika nini, Agosti 2007 benki zikaanza kuogopa kukopeshana.

Dada uliyeuliza kama mkopo wako wa Sacco unaweza kuuzwa kwa mwingine, swali lako ni jingine: soma kwenye mkataba kama deni linaweza kuhamishwa.