Kabla hujapesti linki kwenye grupu la ukweni, angalia mkia wake

Mwaka juzi nilituma video ya pilau kwenye grupu la WhatsApp la mawifi. Video ya kawaida kabisa, mama mmoja anakaanga vitunguu mpaka viwe rangi ya kahawia iliyoiva, nikaona hii itawafaa maana tulikuwa na shughuli wiki ile. Nikabonyeza kushea, nikakopi linki, nikapesti, nikaendelea na kazi zangu. Baada ya kama nusu saa wifi yangu mkubwa akaniandikia pembeni, sio kwenye grupu, namshukuru sana kwa hilo: "Wifi, hii akaunti ni yako?" Akaniwekea na skrinshoti. Juu ya video apu ya TikTok ilikuwa imemwandikia kwamba video hii ameshea fulani, na chini yake kitufe cha kumfolo. Huyo fulani alikuwa mimi, lakini sio mimi wanayemjua wao.

Nilikuwa na akaunti ya pili yenye jina la kutunga. Kwenye hiyo akaunti nilikuwa nafuata madaktari na wanawake wanaoongelea kutafuta mtoto, na nilikuwa nacomenti humo, naeleza mambo yangu ya hospitali ambayo hata mama yangu mzazi nilikuwa sijamwambia. Siku ile nilisahau kurudi kwenye akaunti ya kawaida kabla ya kushea, basi. Jina sikulitaja mahali popote, namba ya simu sikuweka, linki peke yake ndo ilibeba.

Tangu hapo nimekaa na hili jambo nimelisoma mpaka nimelielewa, nataka niwaeleze wenzangu maana nikiuliza watu naona wengi wanadhani linki ni anwani tu, kama vile kumwelekeza mtu dukani. Ukimwelekeza mtu dukani muuza duka hajui nani kamwelekeza. Linki ya kushea inamwambia.

Ukiangalia linki, mara nyingi utaona alama ya kuuliza katikati. Kabla ya ile alama ndo anwani yenyewe ya video au habari. Baada yake ni mkia, vipande vipande vimeunganishwa na alama ya `&`, kila kipande kina jina, alama ya sawasawa, na thamani yake. Nilichukua linki moja ya TikTok ya miaka michache nyuma iliyokuwa imezunguka kwenye magrupu, nikaifungua kwenye brauza ikajinyoosha, nimebadilisha namba na kupunguza vipande ili nisimwanike mwenyewe lakini umbo ni hili:

```
https://www.tiktok.com/@jina/video/NAMBA
?language=en
&share_link_id=...
×tamp=1709318400
&tt_from=whatsapp
&user_id=...
&utm_medium=android
```

Soma taratibu. `tt_from=whatsapp` inasema aliyeshea alibonyeza kitufe cha WhatsApp, hakukopi tu. `utm_medium=android` ni aina ya simu yake. `language` ni lugha aliyoweka. `user_id` ni namba ya akaunti iliyoshea, na `share_link_id` ni namba ya ule mkono mmoja wa kushea, yani akishea video hiyohiyo kesho inatoka namba nyingine. Halafu `timestamp`, hii ndo iliyonishangaza zaidi. Ni sekunde zilizopita tangu tarehe 1 Januari 1970, kompyuta ndo zinahesabu muda hivo, na mtu yeyote anaweza kuigeuza kuwa saa ya kawaida. Kwenye kompyuta ya Linux unaandika:

```
TZ=Africa/Dar_es_Salaam date -d @1709318400
```

Inakujibu ni Ijumaa tarehe 1 Machi 2024, saa tatu na dakika arobaini usiku kwa saa zetu. Kwaiyo mtu akiileta linki hii kwenye grupu Jumatatu asubuhi akasema "nimekutana nayo sasa hivi", linki inasema ilizaliwa Ijumaa usiku kwenye simu ya mtu mwenye Android. Huhitaji kuwa polisi wala fundi kusoma hayo, yako wazi kwa kila aliyetumiwa.

Siku hizi TikTok wameufupisha ule mkia, mara nyingi ukiinyoosha linki unakuta `_r` na `_t` tu, na `_t` ni fungu la herufi ambalo mimi na wewe hatuwezi kulisoma. Watu wengine wakaona afadhali, sasa haionyeshi kitu. Hapana. Yale maelezo hayahitaji kuandikwa kwenye linki ili yawepo, kampuni inaweza kuyaweka kwake na kwenye linki ikaacha tu namba ya kuyafungulia, kama vile tiketi ya kuachia mzigo, wewe unaona karatasi yenye namba lakini mwenye stoo anajua mzigo ni wa nani.

YouTube ndo hivohivo. Chukua simu yako na ya mwenzio, mfungue video moja, kila mtu abonyeze kushea na kukopi, halafu muziweke linki pamoja. Mimi nilifanya na mume wangu mezani. Zile herufi 11 za video zilikuwa sawa, lakini baada ya alama ya kuuliza kuna `si=` na fungu la herufi, na la kwake halikufanana na langu. Kama ingekuwa ni anwani ya video tu zingefanana. Instagram kipande chake kinaitwa `igsh`, zamani kilikuwa `igshid`. Spotify nao wana `si`.

Sasa kitu ambacho watu hawakifikirii ni kuforwadi. Mimi nikituma linki kwa wifi, wifi akaiforwadi kwa shoga yake wa kwaya, shoga akaipeleka kwenye grupu la kwaya lenye watu mia, ule mkia ni uleule wangu. Hakuna anayeubadilisha njiani. Kila anayefungua pale kwenye kwaya anafungua kwa tiketi yangu, na wengi wao wameingia kwenye akaunti zao kwenye ile apu, kwaiyo kampuni inaweza kuona kwamba watu hawa mia wanapokea vitu vinavyotoka kwangu, hata kama sijawahi kukutana nao. Hapo ndo unaona mtu unayemjua wa kanisani anatokea kwenye orodha ya "unaweza kumfahamu" na wewe namba yake hata huna kwenye simu. Sisemi kila mara ni kwa sababu ya linki, kuna njia nyingi, namba za simu zilizohifadhiwa nazo zinatumika, ila TikTok wenyewe kwenye mipangilio ya faragha wameweka kabisa kipengele cha kupendekeza akaunti yako kwa watu waliofungua linki zako au waliokutumia linki. Kiko chini ya "Suggest your account to others", kinaitwa "People who open or send links to you". Kizime. Mimi nilikizima siku ileile ya pilau, kwenye akaunti zote mbili, maana ukizima moja nyingine inabaki.

Lakini sio kila mkia unamhusu aliyeshea, na hapa watu wanachanganya. `fbclid`, ambayo Facebook walianza kuiweka mwaka 2018, inazaliwa pale *unapobonyeza* linki ya kwenda nje ya Facebook, inaambatana na mbonyezo wako. Tatizo linakuja ukishafika kwenye ile tovuti ukakopi anwani pale juu kwenye brauza ukawatumia watu, hapo umewapa mbonyezo wako, na wao wakifungua wanaonekana wametokea kwenye mbonyezo huohuo. Vile vya `utm_source` na ndugu zake mara nyingi ni vya wauza matangazo kujua mteja katokea wapi, peke yake havina jina la mtu, ingawa nimeshaona barua pepe za matangazo ambazo ndani ya linki wameweka namba ya mteja, hizo usizishee kabisa kabla hujazisafisha.

Kusafisha kwenyewe. Linki ndefu ya Instagram au ya YouTube inayoanza na `youtu.be`, futa kuanzia alama ya kuuliza mpaka mwisho, halafu ifungue uone kama bado inafika. Ila usifute kwa mazoea bila kuangalia. YouTube ile ya kwenye kompyuta, `watch?v=`, ukifuta baada ya alama ya kuuliza umefuta video yenyewe, hapo bakiza `v=` na herufi zake 11. Na `t=` kwenye YouTube ni sekunde ambayo video inaanzia, haina neno, lakini kwenye X `t=` ni herufi za kushea, hiyo iondoe pamoja na `s=`. Herufi moja, kazi mbili tofauti, ndo maana nasema fungua kwanza ujaribu. Kwenye kompyuta Firefox na Brave wana kitu kinaitwa "Copy Clean Link" ukibonyeza kitufe cha kulia, kinatoa vipande vinavyojulikana, sio vyote.

Linki fupi ndo ngumu, zile za `vm.tiktok.com` na herufi chache mwishoni. Hazina mkia wa kufuta kwa sababu zile herufi chache ndo tiketi. Ukitaka kuisafisha ikopi, usiibonyeze maana itarukia kwenye apu, ipesti kwenye ukurasa wa siri wa brauza ambao hujaingia akaunti yoyote, subiri inyooke, halafu chukua anwani mpaka kabla ya alama ya kuuliza. Inachukua kama dakika moja. Ikikushinda, andika jina la akaunti na maneno ya video watu wataitafuta wenyewe, au piga skrinshoti.

Na uelewe mpaka wake: kusafisha linki kunamzuia anayepokea asikujue na kunakata ule uzi kati yako na yeye. Hakufuti kwamba wewe mwenyewe uliangalia ile video na ulibonyeza kushea, hilo apu imeshaliona ukiwa ndani ya akaunti yako.

Ukishatuma tayari, futa mapema. WhatsApp inakuruhusu kufuta kwa wote ndani ya siku mbili na saa kumi na mbili hivi, ila nakala ambazo watu wameshaforwadi hazifutiki na linki yenyewe inaendelea kufanya kazi huko iliko. Mimi niliwahi ndani ya saa moja. Watu wanne walikuwa wameshaisoma, mmoja ni wifi, wengine watatu sijui waliona nini na sijawahi kuwauliza. Ile akaunti niliifunga usiku uleule, na wale wanawake niliokuwa naongea nao humo sikupata hata nafasi ya kuwaaga.