Chora nodi ya katikati kwanza: kuzungusha mti wa AVL

Mti wa AVL ni mti wa utafutaji unaojisawazisha: ndogo hukaa kushoto, kubwa kulia. Vijana ninaowafundisha programu hukariri mizunguko yake kama shairi, halafu hukwama penye nodi moja tu: ile ya katikati. Ushauri wangu ni kuanza nayo.

Chukua mti huu: mzizi ni 10, kushoto kwake 5, kulia 20, chini ya 20 kuna 15 na 30. Ukiongeza 40, inatua chini ya 30. Sasa upande wa kushoto wa 10 una kimo cha 1 na wa kulia 3. AVL hairuhusu tofauti kuzidi 1, kwa hiyo 20 inapanda kuwa mzizi na 10 inashuka kushoto kwake. Je, 15, nodi yetu ya katikati, iende wapi? Ni kubwa kuliko 10 na ndogo kuliko 20, basi inahamia kulia kwa 10. Ukiusoma mti kutoka kushoto kwenda kulia, bado unapata 5, 10, 15, 20, 30, 40. Mpangilio haujaguswa, kimo ndicho kilichopungua.

```python
def zungusha_kushoto(x):
    y = x.kulia
    x.kulia = y.kushoto
    y.kushoto = x
    sasisha_kimo(x)
    sasisha_kimo(y)
    return y
```

Ukibadilishana mstari wa pili na wa tatu wa ndani, 10 inajielekeza yenyewe: 15 inapotea, na ukiitafuta programu inazunguka bila kukoma. Kimo cha `x` nacho kitangulie, maana `x` sasa iko chini ya `y`.

Tuseme badala ya 40 umeongeza 17, ikatua kulia kwa 15. Hapo mzunguko mmoja hausaidii: 20 itapanda, lakini 15 itahamia chini ya 10 pamoja na 17 yake, na kushoto kutakuwa na 3 dhidi ya 1. Njia imepinda, basi inyooshe kwanza: zungusha 20 kwenda kulia, kisha 10 kwenda kushoto. Mzizi unakuwa 15.

Kwa nini kimo hakikui ovyo? Jiulize mti wa kimo fulani unahitaji angalau nodi ngapi. Unahitaji mzizi, upande mmoja uliopungua ngazi moja, na mwingine uliopungua mbili: 1, 2, 4, 7, 12... Kila ngazi mbili, idadi inazidi maradufu, hivyo kimo kinafuata logi ya idadi ya nodi. Kwa nodi milioni moja hakizidi 28. Mti usiojisawazisha, ukiulisha namba zilizokwisha kupangwa, unafika ngazi milioni.

Mti wa nyekundu na nyeusi, unaotumika kwenye `TreeMap` ya Java, umelegeza kamba: kwa nodi hizo hizo unaweza kukaribia 40. Faida yake unaiona kwenye kufuta, kwani mizunguko mitatu inatosha, ilhali AVL inaweza kuzungusha ngazi baada ya ngazi hadi kwenye mzizi. Data yako ikisomwa zaidi kuliko kubadilishwa, mimi ningechagua AVL.