Ukaguzi wa tovuti kwa wiki moja: siku ya kwanza ni ipi?

Ukitaka kuuza ukaguzi wa tovuti kwa bei moja na muda mmoja, anza kwa kuandika siku ya kwanza inahesabiwa lini. Mimi sikuandika. Mteja wangu wa kwanza alilipa Jumatatu, nikamwahidi ripoti baada ya wiki. Ruhusa ya kuona takwimu zake ikafika Alhamisi jioni, kwa kuwa aliyemtengenezea tovuti alikuwa safarini. Nilikesha siku tatu, na ripoti bado ilitoka na mapengo.

Siku hizi maelezo ya huduma yangu yana sentensi hii: “Siku ya kwanza ni siku ya kazi inayofuata baada ya malipo na ruhusa zote kunifikia.” Mteja akishalipa, ninamtumia maelekezo hapo hapo: afungue Search Console, zana ya Google inayoonyesha takwimu za tovuti kwenye utafutaji, aende Settings, kisha Users and permissions, aongeze barua pepe yangu na achague Restricted. Nywila yake siihitaji. Hata akikupa, ikatae.

Jambo la pili ni mpaka wa kazi. Usiahidi kukagua “tovuti nzima”, wala usihesabu kurasa peke yake. Hesabu aina za kurasa. Duka la mtandaoni lenye bidhaa 400 kwa kawaida hutumia kiolezo kimoja kwa bidhaa zote. Ninakagua aina tano, kurasa mbili kwa kila aina, basi. Katika duka moja, picha kuu ya bidhaa ilichukua sekunde 4.8 kuonekana kwenye simu, ilhali kiwango kizuri cha LCP, yaani muda wa kitu kikubwa zaidi kwenye skrini kuonekana, hakizidi sekunde 2.5. Kumbe picha hiyo ilikuwa imewekewa `loading="lazy"`, kwa hiyo kivinjari kilikuwa kinachelewa kuipakua. Kwa kuwa kosa lilikuwa kwenye kiolezo, kuliondoa mara moja kulizifaa kurasa zote za bidhaa. Ningezipitia zote 400, ningeandika kosa lile lile mara 400.

Bei usiipange kwa kukisia. Fanya kwanza kazi tatu huku ukiandika saa unazotumia. Zangu zilichukua saa 11, 13 na 19. Nilishawishika kuchukua wastani, lakini nilipoichunguza ile ya saa 19 nikaona tovuti ilikuwa na lugha mbili, kila kitu nimekikagua mara mbili. Nikaweka sharti la lugha moja, kisha nikapanga bei kwa saa 15 ili nibaki na nafasi ya kupumua. Mwenye lugha mbili analipia kaguzi mbili.

Mteja atakuuliza pia, “Si urekebishe tu ukiwa humo humo?” Mjibu kabla hajalipa: ukaguzi unaishia kwenye ripoti na simu moja ya dakika 45, na maswali yanapokelewa kwa siku 7 baada ya hapo. Marekebisho yana makubaliano yake na bei yake, na hupangwa baada ya ripoti kusomwa.