Z ni ile ile, majibu matatu: 0.3944, 0.1056 na 0.8944

*Wakuu, naomba msaada. Swali linasema uzito wa magunia ya alizeti una mgawanyo wa kawaida, wastani kilo 62 na varians 16, tutafute uwezekano wa gunia kuzidi kilo 57. Nimepata z = -1.25, nikasoma jedwali la kitabu changu nikapata 0.3944. Mwenzangu ana z hiyo hiyo ila jedwali lake limempa 0.1056. Majibu ya nyuma ya kitabu yanasema 0.8944. Nani amekosea, na amekosea wapi?*

Ndugu yangu, hesabu yenu ya z ni sahihi, nanyi nyote wawili mmesoma majedwali yenu bila kukosea tarakimu hata moja. Kosa liko baada ya hapo: kila mmoja ameandika kama jibu eneo ambalo swali halikuliuliza. Ninafundisha hisabati kidato cha tano na cha sita hapa Dodoma, na kosa hili nimelisahihisha katika madaftari mengi kuliko kosa lingine lolote la mada hii, kwa hiyo niruhusu nilieleze kwa kirefu.

Tuanze na z yenyewe, kwa kuwa hapo mmeukwepa mtego mmoja. Swali limetoa varians, wala si mchepuko sanifu. Mnatakiwa kutafuta kwanza kipeuo cha pili cha 16, ambacho ni 4, ndipo mgawanye:

```
z = (57 - 62) / 4 = -1.25
```

Anayegawanya kwa 16 hupata -0.3125, na mwishowe huandika uwezekano wa karibu 0.62, jibu ambalo halishtui mtu kwa kulitazama tu. Ndiyo maana mwanafunzi akiona maandishi N(62, 16) ninamtaka aandike pembeni "mchepuko sanifu = 4" kabla ya kugusa kitu kingine. Alama ya kutoa katika -1.25 nayo ina maana yake: inasema kilo 57 ziko kushoto kwa wastani, kwa umbali wa mchepuko sanifu mmoja na robo.

Sasa chora kengele. Weka 62 katikati, weka 57 kushoto kwake, kisha tia kivuli upande unaoulizwa, yaani kila kitu kilicho kulia kwa 57. Utaona kwamba kivuli kimebeba nusu nzima ya kulia ya kengele pamoja na kipande cha nusu ya kushoto. Kwa hiyo kabla ya kufungua jedwali lolote unajua kwamba jibu lazima lizidi 0.5. Jibu lako la 0.3944 na la mwenzako la 0.1056 yanaanguka hapo hapo.

Namba hizo tatu zote zinatokana na 1.25, ila zinapima maeneo tofauti. 0.3944 ni eneo lililo kati ya wastani na z. 0.1056 ni mkia, yaani eneo lililobaki nje ya z. 0.8944 ni eneo lote isipokuwa mkia huo. Majedwali hayaonyeshi z hasi mara nyingi, kwa sababu kengele inalingana pande zote mbili, hivyo mnasoma 1.25 na kazi ya kukumbuka upande inabaki kwenu. Wewe ulipaswa kuongeza nusu ya kulia: 0.5 + 0.3944 = 0.8944. Mwenzako alipaswa kuuondoa mkia: 1 - 0.1056 = 0.8944. Swali lingeuliza magunia yaliyo chini ya kilo 57, jibu la mwenzako lingekuwa sahihi kama lilivyo, ilhali lako lingekuwa bado halijakamilika.

Utajuaje jedwali ulilonalo ni la aina gani? Kwa kawaida kuna mchoro mdogo wenye kivuli juu ya ukurasa, lakini usiutegemee peke yake. Mwaka wangu wa kwanza kufundisha niligawa nakala za jedwali ambazo sehemu ya juu ilikuwa imekatwa wakati wa kutoa fotokopi. Nilitoa swali la alama za mtihani zenye wastani 48 na mchepuko sanifu 10, tutafute uwezekano wa mwanafunzi kupata chini ya 60. Z ikawa 1.2, nikasoma 0.1151, nikaiandika ubaoni kama jibu kwa kuamini kwamba jedwali lile linahesabu eneo kutoka kushoto. Binti mmoja akanyosha mkono akauliza, "Mwalimu, wastani ni 48, inakuwaje walio chini ya 60 wawe kumi na wawili tu katika kila mia?" Alikuwa na haki kabisa. Jedwali lile lilikuwa la mkia wa kulia, na jibu lilikuwa 1 - 0.1151, yaani 0.8849. Nilifuta ubao, tukaanza upya.

Tangu siku hiyo nasoma namba mbili za mwanzo za jedwali kabla ya kulitumia, yaani zile za z = 0.00 na z = 0.01. Zikiwa 0.5000 kisha 0.5040, jedwali linatoa eneo lote la kushoto. Zikiwa 0.5000 kisha 0.4960, linatoa mkia wa kulia. Zikiwa 0.0000 kisha 0.0040, linatoa eneo kati ya wastani na z, na hilo ndilo jedwali lako. Angalia kwamba namba ya kwanza pekee haitoshi, maana aina mbili zote huanza na 0.5000.

Kikokotoo nacho kina mtego wake. Casio fx-991MS na fx-991ES zina P(, Q( na R(. P( ni eneo la kushoto, R( ni la kulia, na Q( ni kati ya wastani na z. Lakini katika majedwali mengi herufi Q inasimama kwa mkia wa kulia, kwa hiyo mwanafunzi aliyezoea jedwali la namna hiyo akibonyeza Q( hupata 0.39435 akidhani ni mkia. Tena, kwenye kikokotoo z huingizwa pamoja na alama yake: R(-1.25) inatoa 0.89435 moja kwa moja, ilhali R(1.25) inatoa 0.10565.

Kosa hili la upande hujirudia swali linapogeuzwa, nanyi mtakutana nalo hivi karibuni: tafuta uzito unaozidiwa na asilimia 90 ya magunia hayo hayo. Mwanafunzi hutafuta 0.9 ndani ya jedwali la eneo la kushoto, huona 0.8997 kwenye 1.28, kisha huandika 62 + 1.28 × 4 = 67.12. Hapo tena amesoma vizuri akasahau upande. Asilimia 90 iko kulia kwa uzito huo, kwa hiyo uzito wenyewe uko kushoto kwa wastani na z yake ni -1.28. Jibu ni 62 - 5.12 = 56.88. Magunia 90 kati ya 100 hayawezi kuzidi kilo 67 wakati nusu ya magunia yote hayafiki 62.