Nimsalimie kwa lugha gani Kampala?

"Nimehamia Kampala kutoka Mombasa. Nikimsalimia mtu kwa Kiswahili, wengine hunikunjia uso. Nianze na lugha gani?"

Dada, anza na Kiganda, hata kama ni maneno mawili tu. Asubuhi sema "Wasuze otya, nnyabo" kwa mwanamke, au "ssebo" kwa mwanamume. Anayefanya kazi, kama muuza matunda au fundi viatu, mwambie "Gyebale ko" saa yoyote. Usiruke salamu ukakimbilia bei; hapo ndipo wageni wengi huonekana hawana adabu.

Kisha sikiliza jibu. Tuseme umefika steji ya bodaboda ukasema "Gyebale ko, ssebo", naye akakujibu kwa Kiingereza. Huenda ametoka Gulu au Soroti, na Kiganda si chake. Mfuate kwenye Kiingereza, usimrudishe. Akijibu kwa Kiswahili, endelea nacho kwa raha, ila usimuulize kabila.

Nyuso hizo zina historia. Kwa miaka mingi hapa Kiswahili kilikuwa lugha ya jeshi na polisi, na wazee wengi wa Buganda walikisikia kwanza kwenye vizuizi vya barabarani, kikitoka kwa watu wenye bunduki. Kuwa lugha rasmi ya pili tangu 2005 hakujafuta kumbukumbu hiyo. Kwa mzee, basi, usianze nacho kabisa. Lakini ukienda Arua, au kwa Wanubi wa Bombo, anza na "Habari za asubuhi" bila wasiwasi.